Barua za "malipo yameshindikana" na namba bandia za huduma kwa wateja: dalili, visababishi na la kufanya

Malalamiko ya watu kuhusu huduma za filamu mtandaoni yana mtindo wake. Mmoja amepata barua pepe kwamba akaunti yake imesimamishwa. Mwingine ana TV mpya inayogoma kuunganishwa, na ukurasa alioufungua unamwambia apige namba fulani. Wa tatu ana risiti ya kifurushi ambacho hakununua. Wa nne yuko kwenye simu sasa hivi na "mhudumu" anayetaka kuiona skrini ya kompyuta yake. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili visababishi vinaanzia kile kinachotokea sana. Mifano mingi nimeitoa kwa Netflix kwa kuwa anwani na taratibu zake zinajulikana, lakini ukibadilisha jina mambo ni yale yale.

Kuna ukaguzi mmoja unaotangulia yote. Iache ile barua au ule ukurasa kama ulivyo, ufungue huduma yenyewe kwa njia uliyozoea: programu iliyoko kwenye simu au TV yako, au anwani unayoiandika mwenyewe juu kwenye kivinjari. Nenda sehemu ya akaunti, uangalie malipo. Kama kuna tatizo la kweli, utalikuta limeandikwa humo. Kama hakuna, habari yote uliyoletewa ni ya uongo, na huhitaji kuisoma mara ya pili.

## Dalili ya kwanza: barua pepe inasema malipo yameshindikana au akaunti imefungwa

Visababishi, kuanzia kinachotokea sana. Cha kwanza, tena kwa mbali, ni hadaa: barua imetumwa kwa maelfu ya watu, wenye akaunti na wasio nayo, na kiungo chake kinakupeleka kwenye ukurasa wa kuiba nenosiri na kadi. Cha pili ni tatizo halisi, yaani kadi imeisha muda wake au salio halikutosha siku ya makato. Cha tatu ni nadra na kinawachanganya hata watu makini: barua ni ya kweli, imetoka kwa kampuni yenyewe, lakini inahusu akaunti isiyo yako.

Hicho cha tatu kina maelezo yake. Gmail haijali nukta katika jina la anwani. Anwani yenye nukta katikati na isiyo na nukta zote zinaingia kwenye sanduku lile lile. Huduma nyingine huzihesabu kama anwani mbili tofauti. Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa programu alionyesha jinsi Netflix ilivyomtumia barua halali kabisa ya kumtaka asasishe kadi, kwa akaunti ambayo mtu mwingine alikuwa ameifungua kwa anwani yake yenye nukta ya ziada. Angeweka kadi yake pale, angekuwa anamlipia mgeni. Hapo ukaguzi wa mtumaji haukusaidii, kwa sababu mtumaji ni wa kweli. Kinachokusaidia ni ule ukaguzi wa mwanzo: ukiingia mwenyewe kwa programu yako, unafika kwenye akaunti yako, unaikuta salama, na kadi haiendi popote.

Ukaguzi mwepesi. Angalia anwani ya mtumaji. Usiangalie jina linaloonekana kwa herufi nene, kwa maana hilo mtu anaandika lolote apendalo. Kwenye simu, gusa jina ili anwani kamili ifunguke, kisha soma kilichoko baada ya alama ya `@`. Netflix hutumia anwani kama `info@account.netflix.com`, na hiyo ni sawa kwa sababu inaishia na `netflix.com`, na neno lililoko mbele yake limetenganishwa kwa nukta. Kistari hakina kazi hiyo: `account-netflix.com` ni jina jingine kabisa, na yeyote angeweza kulisajili.

Kisha angalia kiungo bila kukibofya. Kwenye kompyuta, weka kishale juu ya kitufe na usome anwani inayotokea chini ya dirisha. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie mpaka anwani ionekane. Jinsi ya kuisoma ni hii: anza baada ya `https://`, simama kwenye mkwaju wa kwanza, yaani alama ya `/`, kisha rudi nyuma kushoto. Maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju kwa kawaida ndiyo mwenye nyumba. Jaribu kwa hizi:

```
https://www.netflix.com/account
https://netflix.com.sasisha-malipo.example/login
https://netflix.com@sasisha-malipo.example/login
```

Ya kwanza ni ya Netflix. Ya pili ni ya `sasisha-malipo.example`. Neno la Netflix limewekwa mbele kama pambo tu. Ya tatu ni ya mwenye nyumba huyo huyo, maana kivinjari hukipuuza kila kilichoko kabla ya `@` kinapotafuta tovuti ya kwenda. Alama ya kufuli haina la kukwambia hapa. Kufuli linasema mazungumzo kati yako na tovuti hayasikiki njiani, na hata tovuti ya tapeli hulipata bure.

Kama unatumia programu ya kutunza nywila, unaye shahidi mzuri kuliko macho yako. Yenyewe hulinganisha anwani herufi kwa herufi, na haidanganyiki na `rn` iliyoandikwa mahali pa `m`. Ikikataa kujaza nenosiri kwenye ukurasa ambao umezoea ijaze, usilinakili na kulibandika kwa mkono. Huo ukimya wake ndio onyo.

Kuhusu makosa ya tahajia, ushauri wangu ni usiyategemee. Mwishoni mwa 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilionyesha hadharani barua bandia ya Netflix iliyomsalimu mteja kwa "Hi Dear", na tangu hapo watu wanafundishwa kutafuta salamu za ajabu. Barua nyingi siku hizi zimeandikwa vizuri, zina nembo sahihi, na zina jina lako kamili lililovuja mahali pengine. Makosa yakiwepo, ni ushahidi dhidi ya barua. Yasipokuwepo, hayathibitishi chochote.

Ukaguzi wa ndani. Ukitaka uhakika zaidi, Gmail kwenye kompyuta ina alama ya nukta tatu kando ya barua. Humo chagua "Show original". Utaona mistari mingi, lakini inayokuhusu ni michache tu:

```
From: "Netflix" <taarifa@sasisha-malipo.example>
Authentication-Results:
  spf=pass  smtp.mailfrom=sasisha-malipo.example
  dkim=pass header.i=@sasisha-malipo.example
  dmarc=pass header.from=sasisha-malipo.example
```

Hapa ndipo wengi wanapotelezea. Wanaona `pass` mara tatu wanashusha pumzi. Vipimo hivi havisemi kwamba mtumaji ni mwaminifu. SPF inasema seva iliyotuma imeruhusiwa na mwenye jina la tovuti lililotajwa, DKIM inasema barua ina saini ya jina lililotajwa, na DMARC inahakikisha angalau moja kati ya hayo linakubaliana na jina lililoko kwenye `From`. Tapeli akisajili tovuti yake mwenyewe na kuipanga vizuri, anafaulu yote matatu kwa jina lake. Kwa hiyo swali si kama imefaulu, ila imefaulu kwa jina la nani. Katika mfano huu jibu liko wazi: kwa jina la `sasisha-malipo.example`, ambalo halina uhusiano na Netflix.

Simama hapa: kama barua ina kiambatisho, hasa kinachoishia na `.html`, usikifungue hata kwa kukagua. Kiambatisho cha aina hiyo hufungua ukurasa wa kuingilia ndani ya kompyuta yako, na huko hakuna anwani ya mtandaoni ya kuichunguza. Huduma ya filamu haina sababu ya kukutumia faili ili ulipe. Barua bandia za Netflix unaweza kuzisambaza kwa `phishing@netflix.com`, kisha uzifute.

## Dalili ya pili: TV haiunganishwi, na ukurasa unakupa namba ya kupiga

Hili huwapata watu walionunua TV mpya au kijiti kipya cha kuchomeka kwenye TV ili kutazama filamu za mtandaoni. Tulifuate hatua kwa hatua, maana mtego uko mahali ambapo mtu hautarajii.

TV inaonyesha msimbo na anwani fupi, kwa mfano `netflix.com/tv8`. Mtu anachukua simu na badala ya kuiandika anwani hiyo juu kwenye kivinjari, anaandika kwenye kisanduku cha kutafutia maneno kama "weka msimbo netflix tv". Matokeo ya juu ni tangazo la kulipia, au tovuti iliyoundwa makusudi kukaa kwenye utafutaji huo. Anafungua, anakuta nembo, anakuta kisanduku cha msimbo, anaandika. Kiduara kinazunguka sekunde chache kama kinafanya kazi kweli. Halafu maandishi mekundu yanatokea: hitilafu ya uamilishaji, piga namba hii.

Hitilafu hiyo haikutoka popote. Ukurasa ule hauna mawasiliano na TV yako, na hata ukiandika msimbo wa kubuni utapata jibu lile lile. Hicho ndicho kipimo cha haraka zaidi: andika herufi zozote ulizozitunga. Ukurasa wa kweli utasema msimbo si sahihi na kukuacha ujaribu tena. Ukurasa bandia utakupa namba ya simu.

Ukiipiga, upande wa pili utadai mojawapo ya mambo mawili. Ama kifaa kinahitaji "ada ya uamilishaji" au "leseni ya maisha", ama wadukuzi wameonekana kwenye intaneti yako na lazima kompyuta ikaguliwe. Hakuna ada ya kuunganisha TV na akaunti ambayo tayari unailipia. Roku, watengenezaji wa vijiti vya TV, wamelazimika kuwatangazia wateja wao kwamba hawatozi chochote kuamilisha kifaa, kwa sababu utapeli huu umewaandama miaka mingi.

Visababishi halisi vya TV kugoma ni vya kawaida tu. Mara nyingi msimbo umeisha muda. Rudi nyuma kwenye TV uombe mpya. Kisha angalia kama intaneti ya TV inafanya kazi kwa kufungua programu nyingine. Zima TV kabisa kwenye umeme kwa dakika moja, uwashe. Ikishindikana, achana na msimbo, uandike barua pepe na nenosiri moja kwa moja kwa rimoti. Inachosha, lakini inaondoa kivinjari katika safari nzima. Kama na hilo limegoma, omba msaada ukiwa ndani ya programu yenyewe. Programu ya Netflix ya simu ina sehemu ya msaada inayokuwezesha kupiga simu au kuchati, bila kutafuta namba mahali popote.

Simama hapa: namba yoyote iliyotokea pamoja na ujumbe wa hitilafu kwenye kivinjari usiipige, hata kama dirisha limejaa skrini nzima, linapiga kelele na halifungiki. Funga kivinjari kwa nguvu. Kwenye Windows ni `Ctrl+Shift+Esc`, unachagua kivinjari, unakizima. Kikirudi na kuuliza kama ufungue kurasa za awali, kataa.

## Dalili ya tatu: anwani ni ya kweli kabisa, namba ni ya uongo

Hii ningependa uisome taratibu, maana inavunja kanuni ambayo wengi wetu tumefundishana: angalia anwani tu, inatosha. Mwezi Juni 2025 kampuni ya usalama ya Malwarebytes ilieleza jinsi matapeli walivyonunua matangazo kwenye Google yaliyowapeleka watu kwenye tovuti halisi za Netflix, Microsoft, benki na kampuni nyingine kubwa. Mtu alibofya, akafika kwenye ukurasa wa msaada wa kampuni yenyewe, anwani sahihi, kufuli sahihi, na juu ya ukurasa akakuta namba ya tapeli.

Hawakudukua tovuti. Kurasa nyingi za msaada zina kisanduku cha kutafutia, na unachokitafuta huandikwa ndani ya anwani baada ya alama ya kuuliza. Kisha ukurasa hukurudishia maneno yako: "matokeo ya utafutaji wa fulani". Tapeli huandaa anwani ambayo tayari ina utafutaji ndani yake, na maneno "anayoyatafuta" ni namba yake. Ukurasa unayarudisha kwa herufi kubwa, kwa fonti ya kampuni. Kwenye anwani huwa hivi:

```
https://msaada.huduma.example/search?q=Call%20Now%20%2B0-000-000-0000
```

`%20` ni nafasi kati ya maneno, na `%2B` ni alama ya kujumlisha iliyoko mbele ya namba za kimataifa. Kisababishi hapa ni kimoja tu, basi na ukaguzi ni mfupi. Soma anwani yote, hasa kinachofuata `?`. Ukiona tarakimu za simu au maneno kama "Call Now" ndani yake, namba hiyo imepandikizwa. Tazama pia kisanduku cha kutafutia kwenye ukurasa: kama kina maneno ambayo hukuandika, mtu mwingine ameyaandika kwa niaba yako. Halafu futa kila kitu kuanzia alama ya `?`, bonyeza kuingia, uone kama namba bado ipo. Namba ya kweli inabaki. Ya kupandikizwa inapotea.

Kwa simu kuna ugumu, kwa sababu kivinjari hukata anwani ndefu na kuonyesha jina la tovuti peke yake. Kwa hiyo kwenye simu naona usihangaike na uchunguzi huu. Usipate namba ya huduma kwa wateja kupitia tangazo, basi. Andika `help.netflix.com` mwenyewe, au anza ndani ya programu.

## Dalili ya nne: risiti ya kifurushi usichonunua, na namba ya kughairi

Barua haina kiungo hata kimoja. Ina faili la PDF au picha ya risiti, kiasi kikubwa cha kukushtua, na sentensi kwamba ukitaka kughairi upige ndani ya saa 24. Kukosa kiungo ni makusudi, kwani vichujio vya barua hutafuta viungo vibaya na hapa havioni kitu. Wakati mwingine risiti hutumwa kupitia huduma halali ya kutengeneza ankara, kwa hiyo hata vile vipimo vya "Show original" vinafaulu kwa jina linaloheshimika.

Ukaguzi ni taarifa ya benki au ya kadi yako. Kama pesa haijakatwa, hakuna cha kughairi. Kama imekatwa kweli, anayeshughulika nayo ni benki, na namba ya benki imechapwa nyuma ya kadi. Kwa walio na Prime Video kuna njia nyingine: kwenye akaunti ya Amazon mna sehemu iitwayo "Message Center", ambamo barua walizokutumia kweli huwa zimehifadhiwa. Isipokuwemo, achana nayo.

## Dalili ya tano: tayari uko kwenye simu na mtu

Hapa usijaribu kupima kama ni mkarimu au anajua kazi. Wengi wao wanajua kuongea kuliko wahudumu wa kweli. Pima anachoomba.

Anachoomba mara nyingi zaidi ni upakue programu ya kuendeshea kompyuta kwa mbali: AnyDesk, TeamViewer, UltraViewer. Ni programu halali ambazo mafundi hutumia kila siku, ndiyo maana kinga ya virusi hainyanyui kidole. Huduma ya filamu haina la kufanya ndani ya kompyuta yako. Akaunti iko kwao, wanaiona wakiwa huko huko. Cha pili ni msimbo uliotumwa kwenye simu yako, "ili nithibitishe wewe ndiye mwenyewe". Msimbo huo anauhitaji yeye, kwa kuwa dakika hiyo hiyo anajaribu kuingia kwenye akaunti yako au kuidhinisha malipo. Cha tatu ni malipo kwa kadi za zawadi, na hapo hakuna mjadala: anayetaka umsomee tarakimu za kadi ya zawadi kwenye simu ni mwizi.

Kisa cha "kurejeshewa pesa" kinahitaji maelezo, kwa sababu mtu anaona ushahidi kwa macho yake. Mhudumu bandia akiwa ameshaingia kwenye kompyuta, anakuomba ufungue akaunti ya benki ili uone pesa ikirudi. Skrini inakuwa nyeusi kidogo. Ikirejea, salio limepanda, ila limepanda kupita kiasi: badala ya 50 zimeingia 5,000. Anaanza kulia kwamba atafukuzwa kazi, anakusihi urudishe ziada. Hakuna kilichoingia. Ama amebadilisha maandishi ya ukurasa kwa zana zilizoko ndani ya kivinjari chenyewe, ama amehamisha pesa yako kutoka akaunti yako ya akiba kwenda ya matumizi. La kwanza utalijua kwa kuangalia salio kwenye kifaa kingine, ambako tarakimu itakuwa ile ya zamani. La pili utalijua kwa kujumlisha akaunti zote mbili, jumla haijabadilika.

Simama hapa: kata simu bila kuaga na bila kumwambia umemgundua. Kama yuko ndani ya kompyuta, ondoa intaneti kwanza kwa kuchomoa waya au kuzima ruta, kisha zima kompyuta kwa kushikilia kitufe cha kuwashia. Usihangaike kutafuta kitufe cha kumfungia nje huku mkigombania kipanya. Atapiga tena, pengine kwa namba nyingine, usipokee.

## Dalili ya sita: umeshabofya, au umeshatoa kitu

Kubofya peke yake, bila kuandika chochote wala kupakua faili, mara nyingi hakuna madhara zaidi ya kumwonyesha tapeli kwamba anwani yako inasomwa. Yaliyobaki yanategemea ulichotoa.

Ulitoa nenosiri. Usianze na huduma ya filamu. Jiulize kwanza kama nenosiri hilo, au linalofanana nalo, linafungua barua pepe yako. Kama ndivyo, anza huko, maana mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha manenosiri mengine yote. Baada ya kulibadilisha, fungua mipangilio ya Gmail uangalie "Forwarding and POP/IMAP" na "Filters and Blocked Addresses". Wavamizi hupenda kuacha humo amri ya kusambaza nakala za barua zako, na amri hiyo hubaki hata nenosiri likibadilika. Kisha nenda kwenye huduma ya filamu, weka nenosiri jipya, utoe vifaa vyote kwenye akaunti. Netflix huita "Sign out of all devices".

Ulitoa namba ya kadi. Piga benki kwa namba iliyoko nyuma ya kadi, uombe ifungwe na utolewe nyingine. Usikubali kukaa na "kuiangalia" tu, kwa sababu kadi iliyoibwa huenda ikakaa kimya wiki kadhaa, au ikajaribiwa kwa kiasi kidogo usichokigundua. Kama ulitoa pia msimbo uliotumwa na benki, waambie hivyo kwa maneno hayo hayo, na uulize kama kadi imeunganishwa kwenye pochi ya kidijitali ya simu nyingine. Msimbo ule mara nyingi hutumika kwa kazi hiyo, na muunganisho lazima ufutwe upande wa benki.

Uliruhusu mtu aingie kwenye kompyuta. Hapa ndipo pa kumwita fundi, wala si aibu. Iache bila intaneti. Badilisha manenosiri kwa kutumia kifaa kingine, kamwe si hicho. Kuondoa AnyDesk hakutoshi, kwa kuwa huenda kuna programu nyingine iliyoachwa kimya ili aweze kurudi. Akiwa alikaa humo kwa muda, au ulimwona akifungua faili na madirisha usiyoyajua, mwambie fundi ahifadhi nyaraka zako na kusimika upya mfumo mzima.

Ulilipa kwa kadi za zawadi. Shika kadi na risiti yake, uwasiliane na kampuni iliyotoa kadi hiyo mara moja. Ikiwa salio halijatumika, huweza kuzuiwa. Toa taarifa polisi pia, hata kama hutarajii pesa irudi, kwa sababu benki na kampuni ya kadi wanaweza kukuuliza namba ya taarifa hiyo.

Siku au wiki chache baadaye kuna uwezekano upigiwe na mtu anayejitambulisha kama mpelelezi, mwanasheria au "kitengo cha kurejesha fedha". Atajua ulipoteza kiasi gani na lini, na ndiyo maana utamwamini. Anajua kwa sababu orodha za waliotapeliwa huuzwa kati ya matapeli, au ni yule yule wa mwanzo. Atataka ada ndogo ya kufungua faili. Mwambie utawasiliana na polisi uliowapa taarifa, kisha ukate.